Inalipa kila dakika, mbona krediti zinaisha? Hotuba kuhusu laini, njia na rili za kuporomoka

(Wale mliokosa kile kikao mliomba niweke yote, basi hii hapa. Nimeandika kama nilivyoongea, picha za projekta nimeziacha maana bila maelezo hazisemi kitu.)

Habari zenu jamani. Wa kule nyuma mnanisikia? Haya, poa.

Naomba nianze na jamaa mmoja niliyekaa naye karibu, yeye anacheza sloti mimi namwangalia tu. Dau lake lilikuwa krediti 20 kwa kila spini. Mashine ilikuwa inaimba balaa, taa, sarafu zinamwagika kwenye skrini, na yeye anageuka ananiambia leo inanipenda hii, inalipa kila dakika. Mimi ni mtu wa hesabu, nimefanya miaka kazi ya kukagua hesabu za hii michezo kabla haijatoka, kwa hiyo mkono wangu ukaenda kwenye kalamu wenyewe. Nikaandika nyuma ya karatasi malipo ya spini 10 mfululizo: 0, 8, 0, 5, 12, 0, 15, 0, 6, 40. Basi.

Sasa nawauliza nyinyi, ameshinda mara ngapi?

Mnasema 6. Na yeye alisema 6, na mashine ilipiga tarumbeta mara 6. Haya hesabuni na mimi. 8 na 5 ni 13, na 12 ni 25, na 15 ni 40, na 6 ni 46, na 40 ni 86. Amepata 86. Ameweka ngapi? Spini 10 mara 20, ameweka 200. Katoka na hasara ya 114 ndani ya dakika isiyofika, na ukiangalia vizuri spini iliyomrudishia zaidi ya dau lake ni moja tu, ile ya 40. Zile nyingine 5 zilizoimbiwa, amerudishiwa sehemu ya hela yake mwenyewe na akapigiwa makofi juu yake.

Leo nataka niwaoneshe hicho kitu kinatengenezwaje. Sisemi mashine imechezewa, hapana, mashine halali kabisa, imekaguliwa, namba zake ni za bahati nasibu kweli. Ni muundo. Laini nyingi, njia nyingi, rili za kuporomoka. Vyote vitatu vinabadilisha ni mara ngapi unaona malipo madogo, na hakuna hata kimoja ambacho kwa chenyewe kinaongeza kilichomo kwenye kapu, yaani jumla ya kinachorudishwa kwa wachezaji. Shikeni hilo neno kapu, nitalirudia mpaka mchoke.

Twende kwenye mashine ya kizamani kwanza. Mwishoni mwa karne ya 19 kule San Francisco fundi anaitwa Charles Fey alitengeneza mashine yake ya Liberty Bell, rili tatu zinazunguka, na mstari mmoja tu wa kuangalia, ule wa katikati. Zikikaa picha zinazofanana pale katikati umelipwa, zisipokaa hujalipwa. Hakuna cha juu wala chini wala zigizaga.

Mimi nimechukua wazo hilo nikatunga mashine yangu ya kwenye karatasi, tutaitumia mpaka mwisho. Rili tatu, kila rili ina picha 10. Katika hizo 10, 4 ni limau, 3 ni nyota, 2 ni taji, na 1 ni kengele. Ukipata tatu zinazofanana unalipwa: limau mara 5 ya ulichoweka kwenye laini, nyota mara 10, taji mara 25, kengele mara 150.

Rili tatu za picha 10 zinatoa mikao 1,000. Limau tatu zinakaa kwa mikao 4 mara 4 mara 4, yaani 64. Nyota 27. Taji 8. Kengele 1. Jumlisha hizo, inakuja 100 kamili. Mikao 100 kati ya 1,000 inalipa, ni asilimia 10, spini moja katika kila 10. Na kapu je? 64 mara 5 ni 320, 27 mara 10 ni 270, 8 mara 25 ni 200, na kengele moja 150. Jumla 940 kwa kila 1,000 zilizowekwa. Hiyo ndo ile asilimia 94 mnayoona kwenye maelezo ya mchezo imeandikwa RTP. Mchezo unarudisha 94, unabaki na 6, kwa wastani wa spini nyingi sana, sio jioni yako moja.

Sasa hii mashine ya laini moja ina tatizo moja kubwa kwa mtu anayeiuza. Inaboa. Uwezekano wa kukaa spini 20 bila kulipwa hata senti ni kama asilimia 12, sio jambo la ajabu hata kidogo, na mtu akikaa spini 20 kimya anainuka anaondoka. Ungekuwa wewe mwenye mashine ungefanyaje? Uongeze malipo? Kapu litavuja. Unachofanya, unaongeza laini.

Haya tuongeze. Dirisha letu lioneshe safu tatu kwa kila rili, juu, kati, chini, na tuchore laini 10 za malipo, zile tatu za kulala, za kukatiza kona, za kushuka na kupanda. Yule mtu aliyekuwa anaweka krediti 10 kwenye laini moja, sasa anaweka krediti 1 kwenye kila laini, jumla bado 10. Kila laini peke yake ni ile mashine yetu ya zamani, inalipa asilimia 10 ya spini, inarudisha 94. Laini 10 zenye asilimia 10 kila moja, kwa wastani laini moja inalipa katika kila spini. Kila spini! Haimaanishi kila spini utaona malipo, maana laini zinashirikiana picha kwa hiyo zinalipa kwa mafungu, spini moja zinalipa tatu, inayofuata hakuna, ila ukilinganisha na ukame wa mwanzo ni mbingu na ardhi.

Lakini angalieni kinacholipwa. Kwenye laini moja, limau tatu zilikuwa zinaleta 50 kwa dau la 10, mtu anaruka. Kwenye laini 10, limau tatu zinaleta 5. Dau lake ni 10. Limau imemlipa nusu ya alichoweka, na limau ndo 64 kati ya kila malipo 100 ya laini. Nyota zinaleta 10, yaani umerudishiwa chako, hujapata hujakosa, na hizo ni 27 kati ya 100. Zinazobaki ni 9. Kati ya kila laini 100 zinazolipa kwenye mashine hii, ni 9 tu ambazo zikija peke yake zinakuacha na zaidi ya ulichokuwa nacho kabla hujabonyeza. Na kapu? Kapu ni lile lile. 94 kule, 94 huku. Hatujaongeza hata senti, tumekata vipande vidogo tukavisambaza.

Hao limau wa nusu dau wana jina lao kwenye utafiti, mimi kwa Kiswahili nawaita hasara iliyovaa nguo za ushindi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, walitoa utafiti wao, waliwawekea watu vipimo vya ngozi, vile vinavyosoma jinsi mwili unavyosisimka hata kabla hujafungua mdomo, wakacheza sloti ya laini nyingi. Wakakuta mwili ukipata malipo yaliyo chini ya dau unasisimka karibu sawa na ushindi wa kweli, na sio kama hasara ya kimya. Mfuko unajua umepoteza, ngozi haijui. Na tafiti zilizofuata zikaonesha mtu akiulizwa mwisho wa mchezo ameshinda mara ngapi, hizi hasara zenye nguo anazihesabu humo humo kwenye ushindi. Yule jamaa yangu wa mara 6 hakuwa mjinga jamani, alikuwa mtu wa kawaida kabisa.

Uingereza walilifanyia kazi hili moja kwa moja. Tangu tarehe 31 Oktoba 2021 sloti za mtandaoni zilizo chini ya Tume yao ya Michezo ya Kubahatisha haziruhusiwi kupiga shangwe, sauti wala picha, kwa malipo yaliyo sawa na dau au chini yake. Siku hiyo hiyo wakakataza pia mchezo kujizungusha wenyewe, na wakasema spini isipungue sekunde 2.5. Ukicheza mchezo ule ule chini ya sheria nyingine ambazo hazina hicho kipengele, zile limau zitaendelea kuimbiwa. Hesabu haijabadilika, muziki ndo umebadilika, na mkisikia tofauti hiyo mara moja masikio yenu hayatasahau.

Kuna mtu ananyoosha mkono pale... ndiyo, swali zuri, anauliza kama huyu mtu anapoteza pole pole zaidi kwenye laini 10. Kwa spini moja wastani wa hasara ni ule ule, krediti 0.6 kwa dau la 10. Tofauti ni safari. Kwenye laini moja unashuka kwa ngazi ndefu halafu unarushwa juu, kwenye laini 10 unateleza mteremko mlaini wenye vituta. Mara nyingi hela yako inadumu muda mrefu zaidi, hilo ni kweli, ila inadumu kwa sababu unaiweka tena na tena, na ile 6 inakatwa kila inapowekwa.

Twende kwenye njia.

Laini zilifika 20, 25, 50, 100, watu wakaanza kuchanganyikiwa, laini namba 37 inapita wapi hata anayecheza hajui. Ikaja akili nyingine: tuache laini, tulipe picha yoyote iliyo popote kwenye dirisha ilimradi inafuatana rili kwa rili kutoka kushoto. Rili 5 zenye safu 3 zinakupa njia 3 mara 3 mara 3 mara 3 mara 3, ndo ile 243 mnayoiona imeandikwa. Safu 4 zinakuwa 1,024. Halafu kampuni ya Big Time Gaming ya Australia ikaja na Megaways, rili 6 ambazo kila spini urefu wake unabadilika, rili moja inaweza kutoka na picha 2 au mpaka 7, na zikitoka zote na 7 ndo unapata 117,649. Zikitoka zote na 2 unapata 64. Ile namba kubwa kwenye tangazo ni dari, sio sakafu, na spini nyingi ziko mbali nayo.

Kuhesabu malipo ni rahisi kuliko laini. Unahesabu picha hiyo iko mara ngapi kila rili, unazidisha. Rili ya kwanza limau 2, ya pili 1, ya tatu 3, basi 2 mara 1 mara 3, njia 6 za limau.

Lakini hapa ndo pana kitu ambacho nilipokiona mara ya kwanza kazini nilikaa kimya kama dakika nzima, na ningependa mkikumbuke hata mkisahau yote. Rudini kwenye rili yetu ya picha 10 yenye limau 4. Dirisha linaonesha picha 3 zinazofuatana, rili inazunguka duara. Tuilipe kwa njia, njia zote 27, dau krediti 27. Swali, hizo limau 4 nazipanga vipi kwenye rili? Maana hakuna aliyesema lazima zikae wapi.

Mpango wa kwanza, nazibananisha zote 4 pamoja, limau limau limau limau, halafu picha nyingine 6. Dirisha linaweza kusimama sehemu 10, na ukizihesabu, sehemu 6 zitaonesha angalau limau moja. Rili zote tatu zikipangwa hivyo, limau inalipa kwa 0.6 mara 0.6 mara 0.6, ni asilimia 21.6 ya spini. Ila ikilipa inalipa kwa nguvu, kwa wastani njia 8 kwa mpigo, krediti 40 kwa dau la 27.

Mpango wa pili, limau ni zile zile 4, sijaongeza sijapunguza. Naziweka nafasi ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10. Sasa chukueni picha 3 zozote zinazofuatana kwenye hiyo rili. Kuna dirisha lisilo na limau? Jaribuni. Hakuna! Popote isimame, limau ipo. Rili zote tatu zikiwa hivyo limau inalipa asilimia 100 ya spini. Kila spini. Hakuna spini kavu hata moja mpaka mwisho wa dunia.

Na kapu? Wastani wa limau kwenye dirisha ni 1.2 katika mipango yote miwili, 1.2 mara 1.2 mara 1.2 ni njia 1.728 kwa spini, mara 5 ni krediti 8.64, huku na huku, sawa sawa mpaka desimali. RTP haijasogea. Rili zina picha zile zile. Jedwali la malipo ni lile lile. Moja inalipa limau spini moja kati ya 5 hivi, nyingine kila spini, na kwenye hiyo ya kila spini zaidi ya nusu ya spini, asilimia 51.2, limau inaleta njia moja tu, krediti 5 kwa dau la 27. Unaona unavyoweza kulipwa kila ukibonyeza na bado ukaisha?

Mashine yangu nimeipeleka pembeni kabisa ili mwone, mchezo wa kweli hautapangwa kwa ukali huo kwa sababu kulipwa kila spini nako kunaboa, mtu anashtuka. Ila kanuni ndo hiyo hiyo na mtunzi wa mchezo anaichezea kama fundi redio anavyochezea kitufe cha kuzungusha. Anabananisha picha za bei kubwa ili zikija zije kwa kishindo, anatawanya za bei ndogo ili ziwe zinagonga gonga mlango. Wewe kwenye skrini huoni rili nzima. Unaona dirisha.

Jambo jingine la njia ambalo linawapiga watu chenga: dau. Kwenye laini mara nyingi unaona laini 20 krediti 20, unaelewa. Kwenye njia 243 huweki krediti 243, unaweka dau moja, labda 25 au 30, na watu wanadhani wamepewa njia za bure. Hakuna njia ya bure. Njia zimekuwa nyingi kuliko unacholipia, kwa hiyo kila njia inalipa pungufu, ndo maana kwenye michezo ya namna hii ukifungua jedwali la malipo unakuta picha tatu za chini kabisa zinalipa sehemu ndogo ya dau. Ukisoma jedwali uliza swali moja tu, hii namba ni mara ya dau la laini au mara ya dau zima? Mara 5 ya laini kwenye mchezo wa laini 20 ni robo ya dau. Imeandikwa 5, ni 0.25.

Sasa kuporomoka, na hapa nitakaa kidogo maana ndo mtindo wa sasa.

Mchezo uliofanya watu wengi wauzoee unaitwa Gonzo's Quest wa kampuni ya NetEnt, mawe yenye sura yanadondoka kutoka juu badala ya rili kuzunguka. Yakipangika yakalipa, yanalipuka yanatoweka, ya juu yanaporomoka kujaza nafasi, na kama mpangilio mpya nao unalipa, unalipwa tena, yanalipuka tena, mpaka yakae bila kulipa. Dau umeweka mara moja. Na kila mporomoko kizidishi kinapanda, kwenye mchezo wa kawaida 1, 2, 3, halafu 5.

Mara ngapi utalipwa? Hapa watu wanajichanganya. Kuporomoka hakuongezi idadi ya spini zinazolipa. Rudia na mimi, hakuongezi. Spini yako inalipa au hailipi kwenye mdondoko wa kwanza, ukiwa mkavu hapo imeisha, hakuna kinachoporomoka. Kinachoongezeka ni malipo ndani ya spini ambayo tayari imelipa. Yanakuja kwa mkururo.

Tuchukue mfano. Tuseme kila mdondoko una uwezekano wa asilimia 25 kulipa. Bila kuporomoka, ili kapu liwe 94, kila malipo yanatakiwa yawe wastani mara 3.76 ya dau, maana 3.76 mara robo ni 0.94. Weka kuporomoka bila vizidishi, wastani wa idadi ya malipo kwa spini unatoka robo unakuwa theluthi, kwa hiyo kila malipo lazima yashuke mpaka 2.82. Weka na vile vizidishi vya 1, 2, 3, 5, malipo ya msingi yanashuka mpaka kama 2.1. Kutoka 3.76 mpaka 2.1! Na huo ni wastani unaobebwa na malipo makubwa machache, yale ya kawaida yako chini sana ya hapo. Kwenye mchezo halisi uwezekano wa mdondoko wa pili haulingani kabisa na wa kwanza kwa sababu mawe yaliyobaki bado yako pale pale, lakini mwelekeo hauponyoki.

Hiyo tofauti imekwenda wapi? Imehamia mbele kwenye mkururo. Kwa mfano wangu karibu asilimia 44 ya kila kinachorudishwa kinakaa kwenye mdondoko wa pili na kuendelea. Na ni nani anafika huko? Spini 3 kati ya kila 4 zinazolipa zinaishia kwenye lipo moja. Kulipwa mara 4 mfululizo, ambapo ndo kile kizidishi cha 5 kinaanza kufanya kazi, ni robo mara robo mara robo mara robo, spini 1 kati ya 256. Yaani umechangia mkururo mrefu kwa kila lipo dogo ulilopunguziwa, na mkururo wenyewe unauona kwa nadra.

Niliwahi kukaa na mwenzangu tunakagua mchezo kama huu, dau 20. Mdondoko wa kwanza ukalipa 4. Ukaporomoka, ukalipa 3 mara 2, ni 6. Ukaporomoka tena, ukalipa 1 mara 3, ni 3. Skrini inahesabu 4... 10... 13, sauti inapanda kila hatua, mwenzangu amesogea mbele ya kiti kabisa. Shangwe tatu, kizidishi kimepanda, na tumepoteza 7. Kwenye laini za kawaida hasara iliyovaa nguo inakuja na nguo moja. Kwenye kuporomoka inakuja na suti ya vipande vitatu.

Ila niwe mkweli, kuna upande wa pili. Mporomoko unachukua muda, mawe yanalipuka, yanadondoka, kaunta inapanda, na muda huo hauweki dau jipya. Hasara yako ya saa inategemea dau mara idadi ya spini mara ile 6, kwa hiyo spini ya polepole ni nafuu kwako. Ila ukishabonyeza kile kitufe cha spidi, ile radi au mshale mara mbili, hiyo nafuu umeirudisha mwenyewe.

Mtu ataniuliza sasa nitajuaje mchezo ninaoucheza ukoje? Hamhitaji kazi yangu. Michezo mingi ina hali ya majaribio, krediti za bure. Chora karatasi safu tatu. Ya kwanza, spini iliyoleta zaidi ya dau. Ya pili, iliyoleta kitu lakini dau au chini yake. Ya tatu, sifuri. Kwenye kuporomoka subiri mpaka mawe yatulie ndo uandike jumla, usiandike kila mlipuko. Piga spini 100 weka alama, usisikilize sauti, zima kabisa. Hiyo karatasi haitakupa RTP, spini 100 ni chache mno kwa hilo, mamia ya maelfu ndo inaanza kutulia. Lakini safu ya pili itajitokeza mapema, na ukikuta imeshinda ya kwanza mara mbili au mara tatu ujue unacheza nini.

Maswali? Ndiyo mama.

Anauliza basi tucheze laini moja tu ili tukilipwa tulipwe kweli. Michezo mingi ya sasa laini zimefungwa, huwezi kupunguza, na ya njia hakuna laini ya kupunguza. Pale inapowezekana, kwa mashine yetu RTP inabaki 94 na utalipwa spini 1 kati ya 10, kila lipo likiwa juu ya dau, na utakaa ukame wa spini 20 mara nyingi tu. Ila soma kwanza sheria za mchezo, mingine bonasi au jakpoti haifunguki mpaka laini zote ziwashwe, na hapo ukicheza moja unakuwa umejitoa kwenye sehemu ya lile kapu huku unalipia kama kawaida.

Na kaka wa kule mlangoni? Anasema mchezo wake una njia 117,649 na bado jana kakaa spini 30 bila kitu. Ndiyo kaka, unaweza. Njia zote hizo zinaanzia rili ya kwanza na lazima zipite ya pili. Rili ya kwanza ikitoka na picha 2 tu, na hizo 2 hazipo kwenye rili ya pili, hata rili nne zilizobaki zitoke na 7 kila moja, zinakuwa zinajipangia mapambo tu.